Kaa Kati ya Ndoo na Gunia

Keti, mjukuu wangu. Sogeza hicho kigoda uje huku kivulini, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Leo ni mara ya tatu unakuja na habari ileile: una laki sita ulizodunduliza mjini, umeacha kazi ya dukani, unataka kununua dagaa hapa kwetu Ukerewe uvushe ukauze Kirumba. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikakuambia niache nifikiri. Sasa nimefikiri, na jibu ni lile ambalo mjomba wako hakutaka kulisikia, na ambalo mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wako, nililisikia nikalipuuza. Usinunue dagaa.

Sisemi biashara hiyo ni mbaya. Wapo walionunua na kuuza hadi wakajenga Mwanza. Nasema wewe utaiingilia mkiani. Ukifika mwaloni alfajiri, utawakuta wanunuzi waliokwisha kumkopesha tajiri wa mtumbwi nyavu na mafuta, na dagaa wale wana wenyewe kabla hawajatoka majini. Utakachobakiwa nacho ni masalia kwa bei ya juu. Ukifika Kirumba, bei unaikuta imepangwa na watu wanaosubiri mizigo ya kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, nao hawakujui. Huku huna sauti na kule huna sauti.

Unamkumbuka mjomba wako? Alinunua magunia kumi na nane mwezi wa nne, masika yamekolea. Akina mama walikuwa wamewahi kuanua kwa kuogopa mvua, na kwa macho dagaa walionekana wakavu kabisa, wanang'aa. Chombo kikachelewa siku moja, magunia yakalala yamepandana chini ya turubai. Nilikuwa naye siku anashusha. Mnunuzi hakuuliza bei. Alifungua gunia la kwanza, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatulia hivi kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akautoa akaunusa. Akasema neno moja tu: "Moto." Gunia lilikuwa na joto tumboni, kwa sababu dagaa waliofungwa na unyevu hujipika wenyewe. Yote kumi na nane yaliishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ambayo hata nauli haikurudi. Mjomba wako hajawahi kulizungumzia jambo hilo tena, nawe usimuulize.

Sasa nisikilize. Dagaa ndio samaki wanaovuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wengine wote katika Ziwa Victoria, na kila usiku wa giza mitumbwi inatoka. Kwa hiyo mali haikosekani. Kinachokosekana ni kitu kimoja katikati, baina ya ndoo inayoshuka mtumbwini na gunia linalopanda chomboni. Hapo katikati pana saa nane au kumi za jua, na katika saa hizo ndipo dagaa mmoja anapokuwa chakula cha binadamu na mwenzake anakuwa chakula cha kuku. Mahali hapo hapana mwenyewe. Pana mchanga tu.

Najua utaniambia kuna mambo mengine ya kufanya. Kuchaji betri za taa? Vijana wawili wanafanya hapa tayari, na mwalo huu hautoshi watatu. Barafu? Barafu ni ya sangara, na mashua za kukusanya sangara zinakuja na barafu yake kutoka viwandani. Kushona nyavu ningekufundisha, lakini ingekuchukua miaka miwili kabla mtu hajakuamini na wavu wake, na wewe unataka kula mwaka huu. Kwa hiyo kilichobaki ni chanja.

Ninachokuambia ufanye ni kujenga vichanja vya kuanikia na kuvikodisha kwa ndoo. Dagaa si wako. Wanabaki kuwa wa mama aliyewanunua, na bei ikipanda au ikishuka ni shauri lake. Wewe unalipwa kwa mahali, kwa kivuli cha turubai mvua ikija, na kwa macho yako yanayolinda.

Utauliza kwa nini mtu alipie chanja wakati mchanga upo bure. Njoo kesho uangalie mchanga wenyewe. Dagaa akimwagwa chini, upande wa juu unapigwa na jua, upande wa chini umelalia unyevu, kwa sababu mchanga wa ufukweni hapa juu una joto lakini chini kidogo umeloa. Maji yanayomtoka dagaa yananywewa na mchanga, na mchanga nao unamganda. Hata umpepete vipi, punje zinabaki kwenye matamvua na tumboni, na mlaji anazikuta kwenye meno. Juu ya hapo kuna kuku, mbwa, watoto wanaokatiza na kunguru. Mvua ikianza ghafla, kumkusanya dagaa kutoka mchangani ni kazi ya ufagio, na anayefagia anafagia na mchanga pia.

Kwenye chanja hewa inapita juu na chini. Hiyo ndiyo siri yote, hakuna nyingine. Jua linasaidia, lakini kinachokausha zaidi ni upepo unaochukua unyevu kutoka pande zote mbili za samaki. Mwaka 2004, kule Mvugo, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuwaonyesha watu namna ya kuanika ndagala juu ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Samaki waliokuwa wakichukua hadi siku tatu chini wakawa wanakauka kwa saa nane hivi. Ndagala ni ndugu wa dagaa wetu kwa udogo, na jua la kule ni hili hili.

Lakini chanja si meza, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Nimeona vichanja vilivyojengwa kwa fedha nzuri vikaachwa baada ya mwezi mmoja, akina mama wakarudi mchangani. Tatizo lilikuwa tumbo. Unakaza wavu juu ya fremu, siku ya kwanza umenyooka kama ngoma. Unamwaga dagaa wabichi, wavu unalemewa katikati na kushuka kama kitanda cha kamba kilichochoka. Dagaa wote wanateleza kuelekea bondeni, wanalaliana, na pale katikati hewa haipiti. Jioni pembeni wamekauka hadi wanavunjika, katikati wangali wabichi na wameanza kunuka. Mama anachanganya wote kwenye gunia moja, na kesho gunia lina moto.

Kwa hiyo jenga hivi. Upana usizidi mita moja na robo, kwa sababu mama akisimama upande mmoja mkono wake lazima ufike katikati bila kuegemea. Akiegemea, chanja inakwenda. Urefu mita kumi unatosha. Kimo ni usawa wa kiuno, karibu mita moja, ili kuku asiruke kirahisi na mama asiiname. Nguzo ziwe za mkaratusi, jozi moja kila baada ya mita mbili. Sehemu itakayozama ardhini ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa, lakini iishie hapo hapo ardhini. Ukipaka hadi juu, dagaa watanuka gereji na hutamwona mteja tena.

Juu ya nguzo panga fito za urefu na za kukatisha. Kisha, kabla ya wavu, funga kamba za manila zinazokatiza upana, moja kila baada ya kiganja na nusu, uzikaze hadi zilie ukizigonga. Hizo kamba ndizo zitakazobeba uzito. Wavu wenyewe ni ule uliochakaa wa kuvulia dagaa, macho yake ni madogo vya kutosha samaki asidondoke, na matajiri wanauuza kwa bei ya kutupa ukishachanika. Ufue kwanza kwa sabuni na uuanike. Uweke juu ya kamba, uukaze kwa pande zote nne, kisha uufunge kwenye kila kamba. Ukimaliza, weka jiwe la kilo mbili katikati. Likishuka zaidi ya vidole viwili, fungua ukaze upya.

Kuhusu mahali. Usijenge karibu na maji kwa sababu tu ndoo ni nzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, na hata kama usingeijua sheria, ungelijua ziwa. Mwezi wa tano mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi likapita kiwango cha juu kilichokuwa kimepimwa mwaka 1964. Mimi nilikuwa na banda la nyavu pale chini kwenye ule mwembe. Sasa mwembe wenyewe unaota kwenye tope. Kwa hiyo usitie saruji. Nguzo zishindiliwe tu kwa mawe, ili ikibidi uzing'oe na kusogea. Nenda kwa viongozi wa mwalo na kwa mwenyekiti wa kijiji, uombe eneo lililo juu, lenye upepo, na upate karatasi iliyogongwa muhuri. Ukijenga kwa maneno ya mdomo, siku chanja zikianza kulipa utasikia kwamba eneo lile lilikuwa la fulani tangu zamani.

Panga chanja kwa namna ambayo upepo wa mchana kutoka ziwani utazipiga ubavuni, siyo kwa kichwa. Ukizipanga moja nyuma ya nyingine kufuata upepo, ya mwisho inapokea hewa iliyokwisha kulewa unyevu wa wenzake. Na acha njia ya mita mbili kati yake, kwa sababu watu watapita na ndoo kichwani na watoto mgongoni.

Sasa tufanye hesabu, na hapa uniache niende polepole kwa sababu hesabu ndiyo iliyomwangusha mjomba wako.

Chanja moja ya mita kumi kwa mita moja na robo ina mita za mraba kumi na mbili na nusu. Dagaa wakitandazwa kwa tabaka moja, bila kulaliana, mita moja ya mraba inabeba kama kilo mbili za wabichi. Kwa hiyo chanja moja ni kilo ishirini na tano. Ndoo ya lita ishirini iliyojaa dagaa wabichi ina kama kilo kumi na saba au kumi na nane. Basi chanja moja haibebi hata ndoo mbili. Inabeba moja na kipande. Sita zinabeba ndoo nane, na nafasi kidogo ya kugeuzia.

Nimeona umekunja uso. Ndiyo, mtumbwi mmoja usiku mzuri unaweza kuleta ndoo thelathini, na ukitaka kuwaanika wote kwenye chanja unahitaji zaidi ya ishirini. Ndiyo maana mchanga bado unatawala, kwa sababu ni mpana. Usijaribu kushindana na upana wa mchanga. Wewe unahudumia akina mama wanne au watano wanaouza dagaa wa kula, wenye wateja wanaotaka dagaa mweupe asiye na mchanga. Wale wa gunia la chakula cha kuku waache chini, hawatakulipa.

Ndoo moja ya wabichi, wakishakauka, inatoa kilo tano hivi. Samaki mbichi robo tatu yake ni maji, na maji ndiyo yanayoondoka. Bei nitakazotaja ni za mfano, za mwalo wako utaziuliza mwenyewe. Tuseme kilo ya dagaa wa mchangani ni shilingi 3,000 na ya dagaa wa chanja ni 5,000. Kwa ndoo moja mama anaongeza shilingi 10,000. Ukimtoza 2,000, anabaki na 8,000 ambazo hakuwa nazo. Hapo atarudi kesho bila kuitwa. Ukimtoza 6,000 atakuja mara mbili, halafu atajikumbusha kwamba mchanga ni bure.

Ndoo nane kwa 2,000 ni 16,000 kwa siku. Lakini usizidishe kwa thelathini, wewe mtoto wa mjini. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haivuti samaki kwenye mbalamwezi. Mwezi ukipevuka mitumbwi inapumzika wiki nzima na zaidi. Hesabu siku ishirini za giza, toa nne za mvua au upepo mbaya, unabaki na kumi na sita. Hiyo ni shilingi 256,000. Toa 80,000 za msaidizi, shilingi 5,000 kwa siku, kwa sababu huwezi kufukuza kunguru na kupokea ndoo kwa wakati mmoja. Toa 30,000 za kamba, wavu na turubai. Unabaki na 146,000. Kama kila chanja imekugharimu 70,000, sita ni 420,000, na unazirudisha kwa miezi mitatu ya kiangazi. Katika masika, chukua nusu ya hayo yote na ushukuru.

Hata hivyo usijenge sita kwa mara moja. Jenga mbili, ukae nazo kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine. Zitakuonyesha upepo unapita wapi, mama gani analipa na yupi analia, na wavu unashuka kwa kiasi gani. Nne zinazofuata utazijenga tofauti, nakuhakikishia.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Mitumbwi inaingia alfajiri. Ndoo lazima zifike kwako kabla ya saa mbili asubuhi, na ndoo iliyochelewa uiangalie kwa makini. Chota konzi moja kutoka chini ya ndoo, siyo juu. Dagaa mzuri ana jicho linalong'aa na tumbo zima. Akiwa amekaa kwenye lundo la moto, tumbo linapasuka na utumbo unatoka, kwa sababu kinachommeng'enyea chakula kinaanza kumla yeye mwenyewe. Dagaa wa namna hiyo mkatae kwa adabu. Mwambie mama, "Hawa leo hawatakulipa, waweke chini." Atakasirika. Lakini ukiwapokea wakatoka wabaya, atasema chanja yako ndiyo iliyowaharibu, na maneno hayo yatafika mwalo wa pili kabla yako.

Wasuuzwe kwa maji safi ya mbali na ufuko, wachujwe kwenye tenga, kisha watandazwe kwa mkono. Wasimwagwe. Baada ya saa mbili au tatu, sehemu ya juu ikishakamaa, wageuzwe kwa kupitisha vidole chini na kuwainua kidogo kidogo. Wakigeuzwa mapema mno wanaganda kwenye wavu na vichwa vinakatika, na dagaa asiye na kichwa bei yake inashuka. Jua likiwa zuri na upepo upo, saa tisa au kumi alasiri unaweza kuanza kuwapima.

Kupima ni kazi yako, usimwachie mama mwenye haraka ya kuwahi chombo. Chukua dagaa watatu wa katikati ya chanja, wakunje. Aliyekauka anavunjika kwa mlio. Akipinda kama utepe, bado. Ukiwa na shaka, tia konzi mbili kwenye mfuko mweupe wa kuona ndani, uufunge, uuweke juani muda wa kumaliza chai. Ukiona umande ndani ya mfuko, unyevu ungalimo. Asiyekauka asifungwe kwenye gunia hata kama chombo kinapiga honi. Afunikwe kwa turubai usiku, aendelee kesho. Usiku usimwache wazi, maana umande wa hapa unarudisha kila kitu ulichokitoa mchana.

Kuhusu mvua, turubai lisilale juu ya dagaa. Likilala, maji yanakusanyika na chini yake kunakuwa kama sufuria lililofunikwa. Weka fito za upinde juu ya chanja, turubai likae juu yake kama paa la mkokoteni, pembeni wazi ili hewa ipite. Mvua ikidumu siku mbili, dagaa waliobaki waondolewe wakakaangwe. Kuna akina mama hapa wanakaanga na kuuza, wajulishe mapema. Usidai kodi ya ndoo iliyoharibiwa na mvua. Jambo hili watu wengi watakuambia ni ujinga. Mimi nasema dai nusu siku ya mvua ndogo, na usidai kitu siku ya mvua kubwa, na waambie hivyo mapema, mbele ya mashahidi, kabla ya masika kuanza. Wakati wa mvua ndipo watu wanaamua nani ni wao.

Sasa nije kwenye makosa yangu, maana ndiyo yaliyonifanya nikuite hapa. Mwaka ule nilipoacha kuvua, nilijenga vichanja vinne. Vililipa. Mwaka wa pili nikaona akina mama wanapata zaidi yangu kwa dagaa walewale walioanikwa kwangu, nikaingiwa na tamaa. Nikaanza kununua ndoo zangu mwenyewe na kuzianika kwenye chanja nzuri, zile za upande wa upepo. Sikumnyima mtu nafasi. Niliwahamisha tu kidogo. Wiki moja haikupita, mama mmoja, ambaye hadi leo tunasalimiana, akaniambia, "Baba, chanja ni zako, dagaa ni wako, sasa sisi tumekuja kufanya nini?" Wakaondoka wateja wangu wote watatu kwa siku moja. Nikabaki na vichanja vinne na dagaa wangu, na bei ikaanguka mwezi ule ule. Niliuza nguzo kwa mtu anayejenga banda la mbuzi. Ndiyo maana nakuambia ukiwa na chanja usinunue hata kilo moja ya kuuza. Mboga ya nyumbani utapewa bila kuomba.

Kosa la pili lilikuwa mali kauli. Mama anaanika leo, anasema atalipa akirudi kutoka Mwanza. Mara ya kwanza analipa. Mara ya tatu anakuwa na deni la ndoo ishirini na anaona aibu kupita mbele yako, kwa hiyo anakwenda kuanika mchangani. Umepoteza fedha na mteja kwa pamoja. Ukubali deni la ndoo mbili, basi, na uandike kwenye daftari yeye akiona. Asiye na fedha akulipe kwa kilo ya dagaa wakavu, umuuzie mama mwingine siku hiyo hiyo. Hilo silihesabu kuwa ni kununua.

Siku za mbalamwezi chanja zitakaa tupu, nawe utaziangalia kwa uchungu. Sisi huku tunakula muhogo, na makopa yanaanikwa mahali pale pale penye kuku na vumbi. Nilijaribu kuyaanika kwenye chanja za dagaa. Ugali ulinuka samaki wiki nzima, na bibi yako alinikumbusha jambo hilo hadi alipoondoka duniani. Ukitaka kuanika makopa, uwe na mikeka yake ya kutandika juu ya wavu, na iwe ya makopa peke yake. Hutapata fedha nyingi, lakini utapata ya chumvi, na utakuwa na kitu cha kufanya siku uvuvi ukisimamishwa. Usidhani haiwezekani. Mwaka 2024 serikali yetu ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Huku bado, lakini kwa mtu mwenye mkopo wa benki miezi mitatu ni mirefu. Ndiyo maana nimekuhesabia laki sita zako mwenyewe na sijataja mkopo hata mara moja.

Nimechoka sasa, magoti yanauma. Kesho usije kwangu. Amka saa kumi alfajiri uende mwaloni na daftari. Hesabu ndoo zinazoshuka, na uandike kila mama anazipeleka wapi. Jioni rudi ukawaulize watatu kati yao waliuza kilo kwa bei gani, na wangependa wauze kwa ngapi. Wakikuuliza unataka nini, waambie babu amekutuma. Kamba ya manila ipo nyuma ya mlango, ile ya bluu. Kata ya chanja mbili tu, nyingine uiache.